Kipande Kimoja Kikikosekana
Jinsi ya kuunganisha, kuhakiki na kusakinisha Windows iliyokatwa vipande, kutoka Tarime mjini hadi Mugumu

Tangu Microsoft isitishe huduma ya bure ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, walimu, makarani na wenye steshenari wengi wamekuwa wakitafuta Windows 11. Microsoft hulitoa faili lake bila malipo kwenye tovuti yake, ila ni zito: lina zaidi ya GB 5. Kwa intaneti inayoshuka kwa megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika, kulipakua huchukua zaidi ya saa 2 na nusu. Kwa bando la simu katika kijiji chenye mtandao wa kusuasua, huenda lisimalizike kabisa, kwa sababu kiungo cha kupakulia ambacho Microsoft inakupa hudumu kwa saa 24 tu. Muda huo ukipita upakuaji ukiwa njiani, unaweza kulazimika kuomba kiungo kipya na kuanza upya.

Kwa hiyo watu hufanya linalowezekana. Faili linapakuliwa mahali penye mtandao mzuri, mathalani Tarime mjini, linatiwa kwenye flashi na kupelekwa Nyamongo, Nyamwaga, au ng'ambo ya Mto Mara hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Faili linafika likiwa limekatwa vipande, kimoja hakipo, au vyote vipo lakini kompyuta haioni "diski" ya kusakinishia. Mtu anahitimisha kwamba faili limeharibika, analifuta na kugharimia upakuaji mwingine wa GB 5, wakati alichohitaji ni kipande kimoja au kubofya mara mbili mahali sahihi.

Makala haya yanaeleza namna ya kulitambua tatizo, kulirekebisha kwa gharama ndogo, na kuhakikisha kabla ya kuondoka mjini kwamba ulichobeba kimekamilika.

Kwa nini faili hukatwa vipande

Sababu kubwa ni flashi yenyewe. Flashi nyingi zinazouzwa madukani, hasa za GB 32 kurudi chini, huja zikiwa na mfumo wa kuhifadhi faili uitwao FAT32. Mfumo huo hauwezi kubeba faili moja linalofika GB 4, hata kama flashi ina nafasi ya GB 28. Ukijaribu kunakili faili la Windows 11 kwenye flashi hiyo, kompyuta hukataa na kuandika:

```
The file is too large for the destination file system.
```

Wengi husoma ujumbe huo wakadhani flashi imejaa, wakafuta picha na nyimbo zao bila faida. Tatizo ni ukubwa wa faili moja, wala si nafasi iliyobaki. Fundi mwenye haraka hulikata faili kwa programu kama 7-Zip au WinRAR, kila kipande kikawa chini ya GB 4, kisha vipande vyote vikaingia.

Kuna njia ya kuepuka kukata. Flashi ikifomatiwa upya kwa mfumo wa exFAT au NTFS hupokea faili zima. Kufomati hufuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza vitu vyako. Ukiweza kufanya hivyo, usikate faili. Kila kipande kinachoongezeka ni nafasi nyingine ya kitu kupotea njiani. Vilevile faili lililo chini ya GB 4 halina haja ya kukatwa kwa ajili ya flashi. Watu wanaochora ramani za vijiji vya Tarime na Serengeti hutumia programu kama QGIS, ambayo faili lake la kusakinisha lina ukubwa wa zaidi kidogo ya GB 1. Hilo linaingia kwenye flashi yoyote likiwa zima.

Sababu ya pili ya kukata ni kutuma kwa simu. WhatsApp inapokea faili lisilozidi GB 2, kwa hiyo anayetaka kukutumia kitu kizito zaidi ya hapo hulazimika kukigawa.

Soma majina kabla ya kubofya chochote

Majina ya vipande yanakueleza vilikatwa kwa njia gani, na njia hiyo ndiyo inayoamua kitakachotokea kipande kikikosekana.

Ukiona `Win11.iso.001`, `Win11.iso.002` na kuendelea, faili limekatwa likiwa ghafi. Vipande hivi havina taarifa yoyote ndani yake kuhusu idadi yao. Kipande cha mwisho kikikosekana, hakuna kitakachokuambia kwamba kuna kingine mbele.

Ukiona `Win11.7z.001`, `Win11.7z.002`, faili limefungwa kwanza kwa muundo wa 7z, ndipo likakatwa. Orodha ya yaliyomo kwenye muundo huu hukaa mwishoni. Kwa hiyo kipande cha mwisho kisipokuwepo, kwa kawaida 7-Zip hushindwa hata kulifungua na kuandika kwamba haiwezi kulifungua kama kumbukumbu: `Cannot open file as archive`.

Ukiona `Win11.part1.rar`, `Win11.part2.rar`, ni kazi ya WinRAR. Hapa kila kipande kina utambulisho wake, na programu hufungua mpaka ifike palipo na pengo, ndipo inasimama na kutaja jina la kipande inachokihitaji. Huu ndio muundo unaosema wazi kuliko yote. Ukiona dirisha linalotaka kipande fulani, andika jina lake lote kama lilivyo; ndicho cha kuagiza.

Mwisho kuna `Win11.z01`, `Win11.z02` na `Win11.zip`. Hapa wengi hupotea, kwa sababu lile lenye mwisho wa `.zip` linaonekana kama faili kamili linalojitegemea, kumbe ni kipande cha mwisho tu. Mtu hulibeba peke yake na kuyaacha mengine yenye majina asiyoyafahamu.

Katika miundo yote hii kanuni ni moja: weka vipande vyote kwenye folda moja, majina yawe yaleyale yaliyotoka kwa mtumaji, kisha fungua kipande cha kwanza peke yake. Programu itavifuata vingine yenyewe. Kwa zip ndiyo tofauti, kwani unafungua lile lenye mwisho wa `.zip`. Kufungua kila kipande kwa zamu hakusaidii.

Mfano: vipande sita kutoka Tarime

Tuseme mwalimu wa TEHAMA wa shule ya sekondari karibu na Mugumu ameomba Windows 11 kwa fundi aliyeko Tarime mjini. Faili lina takriban GB 5.4 kama Windows inavyohesabu. Fundi amelikata kwa 7-Zip likiwa ghafi, akichagua ukubwa wa 1000M kwa kila kipande. Matokeo ni vipande sita, `Win11.iso.001` hadi `Win11.iso.006`. Vitano vya kwanza vinalingana kabisa, na kwenye safu ya `Size` kila kimoja kinaonyesha KB 1,024,000. Cha sita ni kidogo kuliko wenzake, kwa kuwa kimebeba masalio.

Hiyo ni alama ya kwanza ya kukariri: vipande vyote hulingana isipokuwa cha mwisho. Kikitokea cha katikati kilicho kidogo, nakala yake ilikatika. Na ukiona vyote vinalingana mpaka cha mwisho, shuku kwamba kuna kingine kilichosahaulika.

Mwalimu amefika shuleni, anafungua 7-Zip, anachagua `Win11.iso.001`, anaingia kwenye menyu ya `File` na kubofya `Combine files...`. Kazi inaisha bila malalamiko yoyote. Anabofya faili la ISO lililotokea, na Windows inamjibu:

```
Couldn't Mount File
The disc image file is corrupted.
```

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Lakini tazama ukubwa wa ISO hiyo: ni KB 3,072,000, yaani ukubwa wa vipande vitatu kamili. 7-Zip ilianza na `.001`, ikachukua `.002` na `.003`, ikatafuta `.004` isiione, ikaamua kwamba imefika mwisho. Haikusema neno kwa sababu vipande ghafi havina cha kuijulisha kwamba safari ilikuwa ya vipande sita. `.005` na `.006` vimo kwenye flashi, salama, ila havikuguswa.

Kwa hiyo faili halikuharibika. Kilichokosekana ni kipande cha nne peke yake. Mwalimu hahitaji GB 5.4 tena, anahitaji chini kidogo ya GB 1. Kipande kimoja cha ukubwa huo kinaweza kutumwa kwa WhatsApp kama waraka, au kuletwa kwenye flashi na mtu anayesafiri. Akishakiweka pamoja na vingine, anafuta ile ISO pungufu na kuunganisha upya kuanzia `.001`.

Jambo moja la nafasi: usinakili vipande kwenye kompyuta kisha ukaviunganisha humohumo kama diski ni ndogo, kwani utahitaji nafasi mara mbili. Viache kwenye flashi, na kwenye dirisha la `Combine` elekeza matokeo yaende kwenye diski ya `C:`.

Vipande hupoteaje

Kujua chanzo kunakusaidia kujua mahali pa kutafuta kabla ya kupiga simu.

Mara nyingine kipande kipo ila jina limebadilika. Kivinjari kikipakua faili ambalo tayari lipo kwenye folda, huongeza namba kwenye mabano, jina likawa `Win11.iso (1).004`. Kwa 7-Zip hilo ni faili jingine kabisa. Libadilishe jina lirudi kuwa `Win11.iso.004`, basi limepatikana. Tafuta pia faili lenye mwisho wa `.crdownload`. Hilo ni la Chrome ambalo halikumaliza kupakuliwa. Kulibadilisha jina hakulifanyi likamilike.

Mara nyingine kosa lilitokea wakati wa kunakili kipande kimoja, dirisha la onyo likatokea, na mtu akabofya `Skip` ili kazi iendelee. Kipande hicho kikarukwa na vilivyofuata vikaingia. Huu ndio mfano wa mwalimu wetu.

Hatari zaidi ni umeme kukatika au flashi kuchomolewa kabla ya kazi kuisha. Windows inaponakili faili kubwa inaweza kutenga kwanza nafasi yote kwenye diski, ndipo inajaza yaliyomo. Ikikatishwa njiani, unaweza kukuta kipande kina ukubwa sahihi wa KB 1,024,000 lakini sehemu ya ndani ni tupu au takataka. Kwa macho kinafanana na wenzake. Ndiyo maana kuhesabu na kupima ukubwa hakutoshi.

Mwisho kuna flashi za kughushi, zilizoandikwa GB 64 au GB 128 huku uwezo wake halisi ukiwa mdogo sana. Hupokea faili bila kulalamika, majina yanaonekana yote, lakini yaliyopita uwezo wake wa kweli hayasomeki. Kama vipande vya mwisho ndivyo vinavyoharibika kila mara kwenye flashi ileile, badilisha flashi kabla ya kumlaumu fundi. Programu ya bure iitwayo H2testw huandika data kwenye nafasi iliyo wazi ya flashi kisha huisoma tena ili kuthibitisha uwezo wake.

Alama ya SHA-256 ndiyo hakika

Kila faili linaweza kukokotolewa alama yake ya utambulisho kwa njia iitwayo SHA-256. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata biti moja ndani ya faili, alama nzima inakuwa tofauti. Microsoft huchapisha alama za faili zake za Windows 11 kwenye ukurasa uleule wa kupakulia, kwenye sehemu inayohusu uhakiki wa ulichopakua. Mwambie fundi akutumie alama ya lugha uliyochagua kwa ujumbe wa simu, ama upige picha ukurasa huo.

Baada ya kuunganisha, fungua PowerShell kwenye folda yenye ISO na andika:

```
Get-FileHash .\Win11.iso -Algorithm SHA256
```

Subiri. Kwenye kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika kadhaa, na skrini haitaonyesha kitu wakati huo. Ikikamilika, linganisha alama iliyotokea na ile ya Microsoft. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti. Kagua nane za mwanzo na nane za mwisho. Kwa uharibifu wa kawaida wa faili hiyo inatosha kuonyesha tofauti. Kama hujui faili lilikopitia, linganisha zote.

Alama zikilingana, faili ni lile lile lililotoka Microsoft, na tatizo lolote litakalofuata halitokani na vipande. Zisipolingana, usisakinishe. Usakinishaji unaweza kuanza vizuri na kufika mbali, kisha ukasimama kwa ujumbe huu:

```
Windows cannot install required files. The file may be corrupt or missing.
```

Kujua kwamba ISO ina kasoro hakukuambii ni kipande kipi kimeharibika. Hapo ndipo alama za vipande zinapookoa bando. Fundi wa Tarime akikokotoa alama ya kila kipande kabla ya kukupa na kuzihifadhi kwenye faili dogo la maandishi, nawe ukakokotoa zako Mugumu, kile kinachotofautiana ndicho kibovu. Amri moja inakokotoa alama za vipande vyote:

```
Get-FileHash .\Win11.iso.* -Algorithm SHA256
```

Ukurasa mmoja wa maandishi wenye alama sita unakuokoa kurudia GB 5. Kama hukupewa, mpigie fundi azikokotoe sasa, mradi bado anavyo vipande vyake. Mwombe asivifute mpaka umwambie umemaliza.

ISO imekamilika lakini haisakinishi

Sasa tuko kwenye nusu ya pili ya matatizo. Faili la ISO ni nakala ya diski nzima ndani ya faili moja. Ili programu iliyomo ifanye kazi, kompyuta inapaswa kulichukulia kama diski iliyotiwa kwenye kiendeshi. Kitendo hicho ni kupachika, na kwenye Windows kinaitwa `Mount`. Windows 8 na matoleo ya baadaye huweza kufanya hivyo bila programu ya ziada. Windows 7 haiwezi, na inahitaji programu kama WinCDEmu.

Kwenye Windows 10, bofya ISO kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha uchague `Mount`. Ukifungua `This PC` utaona kiendeshi kipya, tuseme `E:`. Ndani yake kuna `setup.exe`, folda ya `sources` na nyinginezo. Bofya `setup.exe` hapohapo.

Kosa la kwanza hapa ni kwamba `Mount` haionekani. Kwa kawaida ni kwa sababu WinRAR au 7-Zip imejifanya mmiliki wa faili za ISO, kwa hiyo ukibofya, inafunguka kama faili lililofungwa. Chagua `Open with`, kisha `Windows Explorer`, nalo litapachikwa.

Kosa la pili ni la anayeifungua ISO ndani ya WinRAR, akaiona `setup.exe`, akaiburuta hadi Desktop na kuibofya. Inashindwa mara moja au inadai haioni faili inazohitaji, kwa sababu `setup.exe` ni mlango tu. Windows yenyewe imo kwenye folda ya `sources`, ambayo imebaki ndani ya ISO. Hali ni ileile kwa anayebofya programu iliyo ndani ya faili la zip bila kulifungua kwanza: Windows hutoa faili moja alilobofya na kuliweka mahali pa muda, bila wenzake.

Kosa la tatu linatokana na mahali ISO ilipo. Ukiipachika kutoka kwenye flashi au folda iliyobanwa unaweza kujibiwa hivi:

```
Make sure the file is in an NTFS volume, and isn't in a compressed folder or volume.
```

Nakili ISO kwenye folda ya kawaida ndani ya `C:`, kisha ipachike upya. Kama folda hiyo imebanwa na Windows, faili zake huonyesha alama ndogo ya mishale miwili kwenye kona. Tumia folda nyingine. Hata bila ujumbe huo ni busara kufanyia kazi kwenye `C:`, kwa sababu flashi ikitikiswa au kuchomoka katikati, `E:` inatoweka na usakinishaji unakatika.

Kosa la nne linahusu kuzima kompyuta. ISO iliyopachikwa hubaki mpaka uiondoe au uwashe kompyuta upya. Mwalimu wetu akiipachika jioni, akazima mashine kwa sababu umeme umekatika, kesho asubuhi `E:` haitakuwepo. Hakuna kilichopotea, aipachike tena. Kwa Windows 11 yenyewe hili halileti shida baada ya usakinishaji kuanza, kwani `setup.exe` hunakili inachohitaji kwenye diski kabla ya kuwasha upya. Lakini kuna programu nyingine nzito zinazowasha kompyuta katikati ya kazi kisha zinataka kuendelea kusoma diski ileile. Zikikuomba uingize diski, pachika ISO upya, hakikisha imepata herufi ileile ya mwanzo, kisha bofya `OK` au `Retry`. Kama unafahamu mapema kwamba programu ni ya namna hiyo, ni salama zaidi kufungua ISO nzima kwa 7-Zip kwenye folda ya `C:` na kusakinisha kutoka humo, kwa kuwa folda haitoweki.

Programu zinazokuja na faili za bin au cab

Si kila kilichogawanywa kinahitaji kuunganishwa. Baadhi ya programu hutolewa na watengenezaji zikiwa `setup.exe` pamoja na `setup-1.bin`, `setup-2.bin` na kuendelea. Hizi usiziguse wala kuziunganisha. Ziweke zote kwenye folda moja na `setup.exe`, ubofye `setup.exe`. Ukiona dirisha lenye kichwa `Setup Needs the Next Disk`, maana yake faili la bin linalofuata halipo kwenye folda hiyo. Kama liko folda nyingine, tumia kitufe cha `Browse` kulionyesha. Kama halipo popote, ndilo la kuagiza. Ujumbe `Source file not found: Data1.cab` nao ni wa aina hiyohiyo: aliyekupa programu alinakili faili la kusakinishia na kuacha faili la cab lililokuwa kando yake.

Kabla ya kuondoka mjini

Hakikisha kwanza kwamba kompyuta yako inakubali Windows 11, ndipo ugharimie faili. Inahitaji angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft; programu ya bure ya PC Health Check itakujibu kwa dakika moja. Kagua pia lugha ya Windows yako. Microsoft hutenganisha `English (United States)` na `English International`, na ukichukua isiyolingana na uliyonayo, hutaweza kubaki na programu zako wakati wa kupandisha toleo.

Ukipokea vipande, fanya mambo manne mbele ya fundi. Muulize jumla ya vipande ni vingapi, uandike namba hiyo. Fungua flashi kwenye kompyuta yake, uvihesabu na kukagua kwamba vyote vinalingana isipokuwa cha mwisho. Chukua alama za SHA-256 za vipande pamoja na ile ya ISO nzima. Kisha aitoe flashi kwa `Eject`, airudishe, na akokotoe alama za vipande vilivyo kwenye flashi, si vilivyo kwenye diski yake. Zikilingana, umebeba kitu kamili.

Wewe fundi unayekata faili kwa ajili ya wateja wa mbali, tumia WinRAR ukiweza na uagize itengeneze angalau kipande kimoja cha uokoaji, ambacho huwa na mwisho wa `.rev`. Kipande kimoja cha `.rev` kinaweza kukijenga upya kipande chochote kimoja kilichopotea kwenye seti hiyo. Viwili vinarudisha viwili. Kinaongeza ukubwa wa kipande kimoja tu kwenye flashi. Kwa faili ghafi za `.001` hakuna kinga ya namna hiyo: kilichokosekana hakiwezi kubuniwa na programu yoyote, na anayekuahidi kukikarabati anakudanganya. Wala usichukue kipande kinachokosekana kutoka tovuti usiyoijua, hata kama jina na ukubwa vinafanana. Kitakubalika tu kama ISO iliyounganishwa itatoa alama ileile iliyochapishwa na Microsoft.